Mrejesho: siku za malighafi ghalani, kiwanda cha sabuni

Niliuliza: "Malighafi yetu inazunguka mara 4 kwa mwaka, yaani inakaa ghalani siku 91. Je, mnunuzi wetu wa malighafi ana woga wa kuishiwa kupita kiasi?"

Nawashukuru nyote, hasa aliyenishauri nikokotoe kila malighafi peke yake, nikitumia gharama ya malighafi iliyoingia kwenye uzalishaji badala ya mauzo. Mafuta ya mawese yalikaa siku 22 tu, ilhali kostiki, tunayotumia ya shilingi 100,000 kwa siku, ilikuwa na akiba ya milioni 15, sawa na siku 150, wakati msambazaji huileta ndani ya siku 14. Woga ulikuwepo, na mifuko ya chini ilikwisha kuvuta unyevu na kugandamana kama mawe.

Sasa kostiki imeshuka hadi milioni 6, yaani siku 60. Kwenye karatasi za kufungia sijafanikiwa, kwa kuwa mchapaji hapokei oda ndogo, na hilo si kosa la mnunuzi. Mawese nilijaribu kuyapunguza pia, tukasimamisha mtambo siku mbili gari lilipochelewa, kwa hiyo nimeyarudisha siku 22.