Kubandika uso: ndevu na rasta zinanikataa kwenye kingo

Kapera_wa_Edit: Wakuu, naomba ushauri. Nina filamu fupi ambayo mwigizaji mkuu kanyoa ndevu zote, na ruhusa ya uso wake kaisaini. Kijana aliyemfanyia stanti ana ndevu mpaka shingoni na rasta fupi zinazoangukia paji la uso. Namwekea kijana uso wa mwigizaji kwa programu ya DeepFaceLab, aina ya `WF`, yaani uso mzima. Katikati ya kidevu kunatoka laini, lakini pembeni ndevu zinabaki kama kamba ya kofia. Rasta nazo zinakatika zikipita mbele ya paji, na ngozi ya uso imekuwa nyeusi kupita kiasi.

Dogo_Rendi: Ongeza `blur mask modifier` tu mkuu. Mimi naipandisha hadi ukingo wenyewe hauonekani.

Bi_Kijora: Na mie wigi langu kwenye ile app ya simu linageuka madoa. Nibadilishe wigi?

Fundi_Maski: Bi Kijora, hiyo app haikupi nafasi ya kugusa maski, yaani eneo la uso linalobandikwa, kwa hiyo zirudishe nywele nyuma tu.

Dogo, huo ukungu wa `blur` unasaidia pale ngozi inapokutana na ngozi. Ukiuweka juu ya nywele unapata nywele nusu za huyu, nusu za yule, zinaelea.

Kapera, anza na rasta. Fungua kihariri cha XSeg, chora maski ya uso, kisha zitoe rasta kwa poligoni ya kuondoa. Chagua fremu zinazotofautiana: kichwa kimeinama, kimegeuka, rasta imefunika jicho. Usifukuzie kila unywele. Ukingo wa juu ushushe kidogo uwe juu ya ngozi ya paji, nywele zote zibaki za kijana. Fundisha XSeg, paka maski kwenye fremu zote, kisha zipitie kwa macho. Rasta ikikatika tena, fremu hiyo ndiyo ya kuongeza kwenye mchoro.

Weusi ule nadhani ni `rct`. Inasawazisha rangi kwa wastani wa eneo lote, na ndevu za kijana zinauvuta wastani chini. Bonyeza `C` kwenye merger mpaka `none`, rangi urekebishe mwenyewe baadaye.

Ndevu ndizo shida yenyewe, maana taya lake halina ngozi ya kupitishia mpaka. Ukizitoa kwenye maski, mwigizaji wako anakuwa na ndevu. Ukiziacha ndani, unapata hiyo kamba. Mnyoe kijana, mrudie kupiga picha.

Kapera_wa_Edit: Kijana kasharudi Songea, na gari la kuchoma lilishaungua. Hakuna kurudia.

Mzee_Fremu: Basi zifute ndevu za shingo na taya kwenye picha ya kijana kabla hujaanza kubandika. Chukua kipande cha ngozi ya shingo, kifungie kwenye mwendo wake, rangisha. Shoti za mbali zitapita. Ya karibu kata mapema, au mwonyeshe kwa nyuma.

Fundi_Maski: Akigeuka kwa kasi hicho kipande kitateleza, mzee.

Mzee_Fremu: Kitateleza, ndiyo. Hapo ni mkono, fremu kwa fremu.

Kapera_wa_Edit: Rasta zimekaa, na weusi umepungua. Shoti ya kuruka kutoka garini anageuka huku moshi unapita mbele ya taya. Moshi nao nautoa kwenye maski?