Maganda ya vitunguu au rangi ya unga? Vitambaa vya meza vya pamba, Dodoma

Mshonaji_Ipagala

Habari za jioni wadau. Nina oda ya vitambaa 12 vya meza, merikani, rangi ya dhahabu iliyokolea. Mteja ana nyumba ya wageni, kwa hiyo vitafuliwa kila wiki na kuanikwa kwenye jua hili letu. Angependa rangi ya mimea, lakini ameniachia niamue mradi isichuje.

Nimejaribu vipande viwili. Cha kwanza nilichemsha maganda ya vitunguu niliyookota Soko la Majengo, nikatia kitambaa pamoja na kipande cha shabu. Rangi ilitoka nzuri, ila kuna mabaka yaliyopauka na vidoa vyeusi vidogo vidogo, na nilipofua mara ya pili rangi ilipungua karibu nusu. Cha pili nilitumia rangi ya unga ya pakiti, ile wanayotilia ukili wa mikeka. Iling'aa sana, lakini nimefua mara tatu na maji bado ni ya njano. Waliozoea kazi hii, nishike njia ipi?

BabaNeema_Mpwapwa

Dada, tatizo hukutia chumvi. Chumvi na siki ndivyo vinavyokamata rangi, hata mama yangu alifanya hivyo. Vikombe viwili vya chumvi, siki nusu lita, unaloweka kitambaa usiku kucha. Haichuji tena, iwe ya mti au ya unga.

Batiki_Kondoa

Baba Neema, chumvi ina kazi yake, ila si kwenye vitunguu. Ile rangi ya pakiti, kama ni ya kupikwa na chumvi, chumvi inaisukuma itoke kwenye maji iingie kwenye uzi. Haiifungi humo. Ndiyo maana kila ukifua inatoka kidogo. Na siki inasaidia sufu na hariri, pamba haina haja nayo.

Dada, unaposema rangi ya unga, ziko za aina nyingi. Sisi wa batiki tunatumia ile inayoyeyushwa kwa kostiki na haidrosalfaiti. Ndani ya beseni inaweza kuwa na rangi nyingine kabisa, ukikitoa kitambaa kikapata hewa ndipo rangi yake halisi inatokea na haiyeyuki tena kwenye maji. Hiyo inafuliwa mpaka kitambaa kichakae. Ipo pia ya kuloweka kwa soda ashi, inaungana na uzi wenyewe bila kupikwa. Zote mbili hazihitaji shabu. Kwa vitambaa 12 vya biashara mimi ningechukua ya kostiki, mchana mmoja umemaliza. Vaa glavu na ufanyie nje, kostiki inachoma ngozi na haidrosalfaiti ina harufu inayokaba kifua.

Zabibu_Hombolo

Samahani kuingilia. Mimi nina maganda ya zabibu nyekundu, viroba na viroba, baada ya kukamua. Nilitia shuka ikawa ya waridi nzuri sana, nilipofua kwa sabuni ya kipande ikageuka kijivu. Choya nayo ilinifanyia hivyo hivyo. Nayo ni shabu ilikosekana?

Bi_Zuhura_Chamwino

Mwanangu wa Hombolo, hapo hata shabu haitakuokoa. Wekundu wa zabibu na wa choya unabadilika kwa ukali wa kitu unachoutia: kwenye ndimu unakuwa mwekundu, kwenye sabuni au magadi unaelekea buluu na kijivu. Jua nalo linaumaliza haraka. Mchuzi wenye rangi kali si lazima utie kitambaa rangi ya kudumu. Maganda hayo yafanye mbolea.

Sasa Mshonaji. Kabla hatujabishana kuhusu mmea na unga, nijibu matatu. Ulipikia chombo gani? Merikani yako uliichemsha kwanza, au uliilowesha tu? Na ukidondosha tone la maji kwenye kitambaa kikavu ambacho hukukitia kitu, linazama papo hapo au linakaa juu kama kwenye jani la mgomba?

Mshonaji_Ipagala

Shikamoo bibi. Nilipikia nusu pipa la chuma, sufuria zangu ni ndogo. Kitambaa nililowesha tu maji ya baridi. Nimejaribu tone sasa hivi, limekaa juu, nimehesabu mpaka 20 ndipo likaanza kuzama.

Bi_Zuhura_Chamwino

Marahaba. Basi mabaka na vidoa ni mambo mawili tofauti.

Mabaka yaliyopauka ni wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe. Maji hayakuingia, rangi ingeingiaje? Kitambaa cha gramu 500 kichemshe saa moja na nusu kwenye maji mengi yenye gramu 10 za soda ashi na sabuni kidogo. Utashangaa maji yatakavyokuwa kama chai. Suuza, kausha, rudia tone. Likizama mara moja, uko tayari. Likikaa juu, chemsha tena, usisonge mbele.

Vidoa vyeusi ni kutu ya pipa. Chuma kikikutana na ukakasi ulio kwenye mimea kinatoa weusi. Tumia sufuria ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu.

Sasa kufifia. Shabu uliitia, ila haikupata pa kushika. Uzi wa sufu unaikamata wenyewe, pamba inaiachia. Kwa hiyo pamba tunaipa ukakasi kwanza, halafu ukakasi ndio unaoishika shabu, na shabu inaishika rangi. Ukivichanganya vyote chungu kimoja kama ulivyofanya, shabu nyingi inakutana na rangi ndani ya maji, wanaganda huko huko, na kinachobaki juu ya kitambaa ni vumbi la rangi ambalo sabuni inaliondoa.

Kwa hizo gramu 500 ninafanya hivi. Ninachukua gramu 250 za maganda makavu ya mgunga, ule wenye maganda yaliyobanwa kama shanga, ambao watu hutumia kulainishia ngozi. Ninayaponda, ninayaloweka usiku, ninayachemsha saa moja, ninachuja. Maji yakipoa kiasi cha kuvumilika mkono, kitambaa kinalala humo mpaka asubuhi. Ninakikamua bila kusuuza. Kisha shabu gramu 75 iliyosagwa, nayeyusha kwa maji ya moto. Soda ashi gramu 10 nayeyusha pembeni, naimimina humo kidogo kidogo kwa sababu inafura povu. Soda inapunguza ukali wa shabu, inaingia kwenye uzi vizuri zaidi. Kitambaa kinalala tena usiku mmoja, halafu ninakisuuza.

Ndipo maganda ya vitunguu, gramu 500 makavu, uzito sawa na kitambaa. Chemsha, chuja, rudisha kitambaa kwenye maji yenye joto yasiyotokota, saa moja, ukikigeuzageuza. Kiache kipoe humo humo. Usikifue mpaka zipite siku kadhaa.

BabaNeema_Mpwapwa

Bibi ninakuheshimu, lakini siki ninaijua. Mama alikuwa anaweka misumari ya zamani kwenye chupa ya siki wiki nzima, akitia hiyo rangi inakolea na haitoki.

Bi_Zuhura_Chamwino

Mama yako alikuwa fundi, baba. Ila kilichofanya kazi ni misumari. Siki inakula chuma, na maji yale ya chuma yanashika rangi kweli, kama shabu. Tofauti ni kwamba chuma kinatia giza. Dhahabu ya vitunguu inakuwa kijani kama cha zeituni. Na ukizidisha, pamba inadhoofika, baada ya miezi inachanika mikononi. Dakika tano mpaka kumi kwenye maji mepesi zinatosha, halafu suuza sana. Kwa mteja anayetaka dhahabu, misumari ikae mbali.

Batiki_Kondoa

Bibi nimejifunza kitu hapa. Lakini tumhesabie dada kazi. Vitambaa 12 vya gramu 500 ni kilo 6. Hiyo ni kilo 6 za maganda ya vitunguu makavu, na ganda ni jepesi kama karatasi, atajaza chumba. Maganda ya mgunga kilo 3. Kuchemsha mara nne, na mkaa wa Dodoma sote tunajua bei yake. Na sufuria ya kupika kilo 6 kitambaa kikicheza vizuri inataka maji lita 120 hivi. Hana. Atapika kwa mafungu, na kila fungu litatoka na dhahabu yake.

Kwangu mimi napima unga kwa mizani, fungu la kwanza na la nne yanafanana. Niseme na ubaya wake pia: baadhi ya rangi za njano na chungwa za aina hii, kitambaa kikikaa juani muda mrefu, uzi unadhoofika ingawa rangi ipo. Muulize muuzaji, na jaribu kwanza.

Bi_Zuhura_Chamwino

Hilo la mafungu ni kweli, wala silipingi. Mimi huandaa vyote kwa ukakasi na shabu kwa mizani ile ile, kisha mchuzi wote wa vitunguu nauchanganya kwenye pipa la plastiki kabla ya kuugawa. Inapunguza tofauti, haiiondoi. Na sitamdanganya binti: vitunguu kwenye jua vinafifia hata ukifuata kila hatua. Kufua vinavumilia kuliko jua. Avianike kivulini.

Ajabu ni kwamba nili ya mmea, iliyotiwa kaniki za zamani, haikuhitaji shabu wala mgunga. Inafanya kazi kama hiyo rangi yako ya kostiki, mwanangu wa Kondoa: inayeyushwa bila hewa, hewa inairudisha ndani ya uzi. Kama mteja angetaka buluu, tusingekuwa na ubishi huu.

Mshonaji_Ipagala

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilifanya vipande viwili vipya: kimoja vitunguu kwa njia ya Bi Zuhura, kingine njano ya kostiki, kaka wa Kondoa alinielekeza kwa simu. Kila kimoja nilikishonea kipande cheupe cha pamba nikavifua mara tano. Kwa vitunguu kipande cheupe kilipata njano ya mbali sana mara ya kwanza, basi. Kwa kostiki kilibaki cheupe. Mabaka na vidoa hakuna.

Kisha nikafunika nusu ya kila kipande kwa kadibodi, nikaviweka juu ya bati siku 14. Cha kostiki, nikitoa kadibodi sioni mpaka. Cha vitunguu mpaka unaonekana wazi, upande wa jua umekuwa kama majani makavu. Nilimpelekea mteja vyote viwili. Akakipenda cha vitunguu, tena ule upande uliofifia.

Nimemwambia vikifuliwa vianikwe kivulini, anasema wafanyakazi wake hawatakumbuka. Bado hajaamua. Swali langu kwa sasa ni hili: maji ya bomba yakikatika natumia ya kisima, yana chumvichumvi na sabuni haitoi povu. Kuna anayejua kama yatabadilisha rangi?

Batiki_Kondoa

Kwa rangi ya kostiki, maji ya kisima hayajawahi kunisumbua sana.

Bi_Zuhura_Chamwino

Kwa mimea yanabadilisha. Kisima chenye chuma kitakupa giza, na chenye chokaa kitavuta dhahabu yako kuelekea kahawia. Inategemea kisima. Pika kipande kimoja kwa maji ya bomba na kimoja kwa ya kisima, siku moja, mizani moja, utuletee majibu. Na maji ya mvua kinga mapema, masika yetu hayana ahadi.