Usiku wa tatu nahangaika na birika! Nani alisema "tafuta picha yoyote nzuri"?

Wakuu, nina hasira. Naunganisha picha kadhaa ziwe moja, na mchoro wangu wa rafu uko wazi: birika refu kama ghorofa limekaa shambani, linamimina maporomoko ya maji, na chini ya mdomo wake kasimama mtu na mwavuli. Masomo yote niliyoangalia yanaimba wimbo mmoja: chora, tafuta picha nzuri, panga leya, kwisha. Nimeshusha mabirika 40! Nimekata, nimelinganisha rangi, na bado linaonekana toi lililodondoka shambani. Kwa nini hawasemi mapema picha ipi haifai?

KijaniKibichi: Geuza birika kushoto-kulia, mwanga ulingane na shamba. Dakika tano tu.

Mleta mada: Niligeuza jana. Mwanga umehamia kushoto kweli, ila bado unatoka utosini kama saa sita mchana, na shamba ni la jioni.

FundiKivuli: Mkuu, hebu jibu hili. Juu ya mfuniko panaonekana?

Mleta mada: Duara lote.

FundiKivuli: Ndiyo maana. Kamera ilikuwa juu ya birika, na kitu kirefu kama ghorofa huwezi kukiona mfuniko ukiwa umesimama chini. Rudi kwenye rafu, chora mstari wa upeo na mshale wa jua. Upeo umkate yule mtu machoni. Kama birika lako ni la mita 12 na macho yake yako mita 1.6, basi birika halisi la sentimita 24 lipigwe lenzi ikiwa sentimita 3 tu juu ya kitako. Liweke ukingoni mwa meza, kamera iwe nje ya meza, taa moja kushoto, ya chini. Punguza tundu la lenzi hadi f/16; mdomo ukitoka na ukungu, jicho linajua ni kitu kidogo.

MamaPicha: Mimi nabadilisha mandhari za picha za harusi, miguu ya maharusi inaelea. Ni hilohilo?

FundiKivuli: Hapana mama, hapo umekosa kivuli chembamba cheusi pale soli inapogusa ardhi.

Mleta mada: Na leya je? Maji yako juu kabisa, mtu wangu amezama.

FundiKivuli: Yagawe maji. Anza chini: anga, shamba, kivuli cha birika kwenye modi ya Multiply inayotia giza, birika, maporomoko, mtu, kisha povu mbele ya miguu yake. Chembechembe za picha ziwe juu ya vyote, zifanane kila mahali.

Mleta mada: Maji yamepigwa kwenye kitambaa cheusi. Nikiweka leya yake modi ya Screen, yanapotelea angani.

FundiKivuli: Screen inang'arisha tu, na anga lako jeupe. Litie giza nyuma ya maji.

KijaniKibichi: Au yakate kwa maski, uache Normal.

FundiKivuli: Matone utayakata mpaka lini? Haya, mdomo wa birika unatazama wapi?

Mleta mada: Kulia.

FundiKivuli: Na jua liko kushoto. Huyo mtu yumo kivulini, mtie giza.

Mleta mada: Nikimtia giza haonekani, na yeye ndiye picha yenyewe!

KijaniKibichi: Sasa si ndiyo ugeuze birika?