Mrejesho: Kalamu iliyokuwa ikiharibu rekodi za lekcha

Swali langu lilikuwa: "Nikirekodi lekcha kwa laptopu ya kukunja huku naandika kwa kalamu, nasikia tok tok tu. Maikrofoni imekufa?"

Haijafa, ndugu zangu. Nilifanya jaribio mlilonipa, nikarekodi dakika moja bila kuandika na nyingine nikiandika. Ya kwanza ilikuwa safi, kasoro mvumo wa pangaboi, na huku Mombasa huo hauepukiki. Ya pili ilijaa tok tok. Kumbe maikrofoni imo kwenye fremu ya kioo kilekile ninachokigonga kwa ncha ya kalamu, na mtetemo unapita moja kwa moja.

Sasa nachomeka earfoni za waya zenye maikrofoni na kuining'iniza ukingoni mwa meza, isiguse laptopu. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, hadi nilipoingia Settings > System > Sound na kuichagua chini ya Input. Nafurahi sikuhamia kurekodi kwa simu, maana programu ninayorekodia, OneNote, huunganisha sauti na maandishi: nikirudia rekodi, naona nilichokuwa nikiandika dakika ileile. Jana mchoro wa figo nilioukatiza nimeukamilisha hivyo. Shukran sana.