Mwenyekiti ameagiza hotuba "iwe 15". Ni kurasa au dakika?

Karani_Moro ameandika:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa haraka.

Mimi ni karani kwenye SACCOS moja hapa Morogoro. Mkutano mkuu wa mwaka ni Jumamosi ya wiki ijayo. Jana usiku Mwenyekiti wetu wa bodi amenitumia ujumbe, naunukuu wote: "Andaa hotuba yangu ya mkutano mkuu. Weka mikopo, marejesho na akiba. Iwe 15. Niipate Jumatano."

Hiyo 15 ndiyo imeninyima usingizi. Mwenyekiti ni mzee wa heshima zake, mwalimu mstaafu, na hapendi kabisa kuulizwa jambo ambalo yeye anaona ameshalieleza. Katibu wa bodi anasema hakika ni kurasa, mhasibu anasema ni dakika. Nimeanza kuandika na niko ukurasa wa nne, sijui kama nakaribia kumaliza au ndiyo kwanza nimeanza.

Nyie wenye uzoefu wa kuandikia wakubwa mngefanyaje? Nawasilisha.

Mzee wa Masjala:

Kijana, hizo ni kurasa. Nimefanya kazi ofisi za serikali mpaka nimestaafu, na huko kazi ya maandishi ilipimwa kwa kurasa. Bosi akisema "niandikie tano" unampelekea karatasi tano. Dakika ni mambo ya watu wa redio. Andika kurasa 15, nafasi mbili kati ya mistari, umpelekee Jumanne kabla hajakuuliza.

Mama Pili:

Mdogo wangu, kwenye SACCOS hotuba isikose suala la wasiorejesha mikopo. Mwaka jana kwetu mwenyekiti alilikwepa, wanachama wakasimama kudai majina yasomwe hadharani, mkutano ukaisha magharibi. Andika hilo vizuri, mengine yatajipanga.

Karani_Moro:

Asante mama, hilo nimeliweka. Shida yangu ni urefu tu.

Sauti ya Nyuma:

Mzee wa Masjala, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hapo kijana ataumia. Kazi yangu ni kuandaa hotuba na kuongoza sherehe, kwa hiyo naomba tupige hesabu kabla hajaandika kurasa nyingine.

Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari unabeba maneno 220 hadi 230 ya Kiswahili. Kurasa 15 ni kama maneno 3,400. Mtu anayesoma hotuba jukwaani kwa utulivu husoma maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Tukichukua 110, hizo kurasa zinakuwa dakika 31. Na kama katibu anafikiria kurasa 15 zilizobanana bila nafasi, Mwenyekiti atasimama saa nzima. Dakika 15 ni maneno kama 1,650 tu. Chaguo moja ni zaidi ya mara mbili ya jingine, kwa hiyo huwezi kuandika ya katikati ukategemea itafaa kote kote.

Karani, usibishane na katibu wala mhasibu. Tafuta vitu viwili. Kwanza ratiba ya mkutano: hotuba ya Mwenyekiti imepewa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Pili, hotuba aliyosoma mwaka jana. Iko kwenye kompyuta ya ofisi? Ilikuwa kurasa ngapi, na alitumia muda gani? Ukipata hivyo viwili, ile 15 itajieleza yenyewe.

Kanini_Machakos:

Hii imenikumbusha yangu. Tuliomba ruzuku ya kikundi chetu cha akina mama, fomu ya mtandaoni. Kwenye "eleza mradi wenu" waliandika tu 1500. Mimi nikajua ni maneno. Nikaandika siku mbili, nikabandika kwenye kile kisanduku, ikaingia aya ya kwanza na kipande cha ya pili, basi. Kumbe ni herufi! Na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa pia. Wewe angalau una mtu wa kuuliza, fomu haiulizwi.

Tafsiri_Ughaibuni:

Dada Kanini, fomu nayo inaulizika, hata kama haina mdomo. Kabla ya kuandika chochote, bandika maandishi marefu yoyote uliyonayo kwenye kisanduku, uone yanakatikia wapi. Halafu chukua kile kilichobaki, kipeleke kwenye Word, ubofye idadi ya maneno pale chini. Ukiona karibu 1,500 kwenye mstari wa `Characters (with spaces)`, umepata jibu.

Chukua mfano huu: "Ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi na wanafunzi". Hayo ni maneno 7. Herufi pamoja na alama ni 40, na ukihesabu nafasi ni 46. Yaani neno moja la Kiswahili linakula herufi kama sita na nusu au saba pamoja na nafasi yake. Kwa hiyo 1500 ya kisanduku ni maneno kama 220, ukurasa mmoja wenye nafasi mbili. Ujue pia kwamba baadhi ya fomu huhesabu kila unaporuka mstari kama herufi mbili, kwa hiyo bakiza nafasi kidogo mwishoni.

Mimi natafsiri nikiwa Ujerumani, na huku namba ninayokutana nayo ni 1800. Mteja mgeni hudhani ni maneno. Ni herufi na nafasi zake, mistari 30 yenye herufi 60 kila mmoja, na ndiyo inahesabiwa kuwa ukurasa mmoja wa malipo. Mtu akikubali bei bila kujua hilo, anakadiria kazi mara sita au saba ya ilivyo.

Kijana wa Kazi:

Kanuni ni rahisi jamani. Namba ndogo ni kurasa au dakika. Mamia ni maneno. Maelfu ni herufi. Mbona mnazunguka?

Sauti ya Nyuma:

Kijana, mwanzo wa kanuni yako uko sawa, 15 haiwezi kuwa maneno. Ila hapo kwenye maelfu umeteleza. Insha ya maneno 2,000 ipo, na kisanduku cha herufi 500 kipo. Tena kwa Karani haimsaidii, maana yeye anachagua kati ya kurasa na dakika, na zote ni namba ndogo.

Karani_Moro:

Nimerudi wakuu. Ratiba inaonyesha hotuba ya Mwenyekiti ni saa 4:20 hadi 4:40, kisha Afisa Ushirika wa wilaya, kisha taarifa ya fedha. Ya mwaka jana nimeipata: kurasa 7, herufi kubwa, nafasi moja na nusu.

Mhasibu ana video ya mwaka jana kwenye simu. Nimechukua ukurasa mmoja wa katikati wenye maneno 200, nikafuata anavyosoma. Ametumia dakika 2 na sekunde 10.

Sauti ya Nyuma:

Umefanya vizuri sana. Hapo tayari una kipimo cha mtu mwenyewe, achana na wastani wangu. Maneno 200 kwa dakika 2 na sekunde 10 ni maneno 92 kwa dakika. Ni msomaji wa taratibu, walimu wengi wako hivyo. Ratiba imempa dakika 20, kwa hiyo 15 ya kusoma na tano za kupanda, kupigiwa makofi na kushuka inaingia akilini. Kurasa 15 haziingii.

Kwa kasi yake dakika 15 ni maneno 1,380. Lakini usiandike 1,380, na hapa ndipo waandishi wengi wa hotuba za ushirika wanapokwama. Kompyuta ikiona 84,650,000 inahesabu neno moja. Mwenyekiti atasoma "milioni themanini na nne, laki sita na elfu hamsini". Hayo ni maneno tisa. Kila namba ya aina hiyo ina maneno manane ambayo kompyuta haikuonyeshi. Ukiweka namba 40, na hotuba ya mikopo na marejesho hufika huko upesi, ni maneno 320 yaliyojificha. Kwa kasi ya mzee wako ni dakika tatu na nusu hazikuhesabiwa popote.

Bakiza namba 15 zenye uzito, nyingine ziende kwenye kabrasha la wanachama. Hizo 15 zitakula dakika moja na ushee. Toa dakika mbili za itifaki, salamu na kusubiri makofi. Zinabaki kama dakika 11 na nusu, ambazo kwa kasi yake ni maneno 1,050 hivi kwenye kompyuta. Ukiyachapa kwa mtindo wa mwaka jana yatakuwa kurasa tano na kidogo.

Mzee wa Masjala:

Nimeisoma hesabu, kwa hotuba ya kusomwa nakubali. Lakini kijana, umesema mikopo, marejesho na akiba. Hayo ni mambo ya taarifa ya bodi, ile inayofungwa kwenye kabrasha. Watu wa rika letu tunaita vyote "hotuba". Inawezekana anataka kurasa 15 za kabrasha, na jukwaani aongee mwenyewe bila karatasi. Hilo nalo ulichunguze.

Karani_Moro:

Mzee, umenishtua. Kabrasha la mwaka jana lina "Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi", na ni kurasa 13. Aliiandaa katibu aliyeondoka.

Sauti ya Nyuma:

Basi hapo lazima umuulize, hakuna ratiba itakayokusaidia. Ila usimuulize "ni kurasa au dakika", ataona hukumwelewa. Mpe kazi inayoendelea, yeye akurekebishe tu. Andika hivi: "Shikamoo Mwenyekiti. Naandaa hotuba ya kusoma jukwaani, dakika 15, kama kurasa tano kwa maandishi makubwa ya mwaka jana. Taarifa ya kabrasha naiandaa kando. Kama ulikusudia vingine naomba uniambie leo."

Akijibu "sawa", umemaliza. Akinyamaza, una ushahidi kwamba ulisema.

Mama Pili:

Na umpigie asubuhi, usitume usiku. Wazee husoma ujumbe wa usiku wakiwa wamechoka.

Karani_Moro:

Nimetuma leo saa mbili asubuhi, maneno yale yale. Amejibu: "Sawa. Na ile ya kabrasha usisahau, iwe kama ya mwaka jana."

Kwa hiyo ya jukwaani ni dakika 15. Ya kabrasha sijui "kama ya mwaka jana" ni kurasa 13 zile zile au ni mpangilio wake tu, maana mwaka huu tuna matawi mawili mapya na jedwali la akiba limeongezeka. Nimeanza na ya jukwaani, niko maneno 600. Namba zimeshafika 11, naona nitahamishia marejesho ya kila tawi kwenye kabrasha, nibakize ya jumla.

Kanini_Machakos:

Kwa ya kabrasha muulize mtu wa kuchapa kwanza. Kwetu bei ya kuchapa inapanda kwa kila karatasi, na mkiwa na wanachama wengi kurasa mbili za ziada si kidogo. Pengine yeye ndiye ataamua urefu.