Bomba la antena Kibirizi: hesabu inasema upepo hausukumi kitu. Niko sahihi?

NyotaYaZiwa: Wakuu, naombeni msaada, usingizi umekata. Nimechukua mtiririko sare, nikaongeza dableti, nikapata duara. Kwenye uso wake kasi ni 2U sin θ, U ikiwa kasi ya upepo, na kigezo cha presha ni Cp = 1 − 4 sin²θ. Nikijumlisha presha mzunguko mzima, nguvu ya upepo inatoka sifuri. Nimekosea wapi?

FundiMwanga: Kusi liliezua bati zote za shemeji yangu. Upepo wa ziwani usiuchezee, piga misumari ya kutosha.

Kalunde: Hujakosea. Mbele Cp ni 1, ubavuni inashuka hadi −3, nyuma inarudi 1. Mbele na nyuma zinafutana. D'Alembert aliligundua hilo karne ya 18. Ila hesabu tu haikoseshi mtu usingizi. Unajenga nini?

NyotaYaZiwa: Bomba la antena, Kibirizi. Urefu mita 6, kipenyo sentimita 10.

Kalunde: Lina waya za kulishikilia?

NyotaYaZiwa: Halina. Zege limeshamwagwa. Mwenye nyumba hataki waya uani, watoto wanakimbia pale. Na bomba ni laini, limepakwa rangi.

MwalimuUjiji: Kijana, haraka haraka haina baraka. Hatari iko ubavuni: kasi ni mara mbili ya upepo, mvuto ni mkubwa, ndio utakaoliangusha.

Kalunde: Mwalimu, shikamoo. Mvuto huo upo, lakini kushoto na kulia unalingana. Balaa liko nyuma. Fomula haijui mnato. Hewa inayogusa bomba hupunguzwa kasi, ikifika karibu nyuzi 80 kutoka mbele inashindwa kupanda kwenda kwenye presha kubwa, inabanduka. Kwa hiyo nyuma Cp hairudi 1, hubaki karibu −1. Mbele unasukumwa, nyuma unavutwa. Ulaini wa rangi hauzuii hilo kwa bomba la ukubwa huu.

Chukua upepo wa mita 20 kwa sekunde. Presha ya mwendo ni kama paskali 220. Zidisha kwa eneo, 0.6, kisha kwa 1.2 ambayo ndiyo hupimwa kwa mabomba ya duara: nyutoni 158. Inasukuma kama katikati, mita 3 juu, kwa hiyo shinani ni nyutoni-mita 475. Antena yenyewe bado.

Mdadisi_Tbr: Sita kamili, kumi kamili, ishirini kamili? Hili ni swali la chuo, mnamfanyia mtu kazi. Weka picha.

NyotaYaZiwa: Ishirini kaileta Kalunde! Picha naleta kesho. Zege ni la futi tatu, naona litahimili.

MwalimuUjiji: Hata mimi naanza kuwa na shaka.

Kalunde: La chuo au la kweli, linapimika. Toboa tundu dogo nyuma ya bomba, unga mpira mwembamba unaoonyesha, upinde uwe U, tia maji. Upepo wa mita 10 ukivuma, fomula inasema maji yasukumwe kama milimita 5.5 kutoka upande wa tundu. Ukiona yanavutwa kuelekea tundu, jua bomba linakokotwa. Zege siwezi kulisemea bila kujua udongo wa hapo. Ni mchanga?

NyotaYaZiwa: Mchanga, ndiyo.