Serikali, kampuni, ushirika au NGO: wapi pa kukaa hadi kustaafu?

Mhasibu38: Wakuu, nina miaka 38, mhasibu wa kampuni binafsi Morogoro. NSSF nina miezi 126. Nimepata nafasi halmashauri, kwa ngazi ya kuanzia. AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inanitaka niwe meneja, na kuna NGO inatoa mkataba wa miaka miwili kwa karibu mara mbili ya mshahara wangu. Wapi pa kutulia?

Kijana_wa_Kihonda: Serikalini, bila kufikiri. Huku kwingine hakuna pensheni, unapewa kiinua mgongo unaondoka.

BiAfisaUtumishi: Mdogo wangu wa Kihonda, hapo si kweli. NSSF nayo inalipa pensheni ya kila mwezi ukifikisha miezi 180 ya michango, na kanuni ni ileile ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma: wastani wa mshahara wa mwaka, mara miezi ya michango, gawa kwa 580, unapata pensheni ya mwaka. Wastani wa 1,200,000 kwa mwezi na michango ya miezi 300 ni kama 620,000 kwa mwezi, kabla ya kukata mkupuo. Mwajiri asipopeleka miaka mitano, ukabaki na 240, inashuka hadi 496,000 hivi.
Kwa hiyo Mhasibu, tazama kwanza nani anapeleka michango. Miezi yako 126 haipotei ukihamia PSSSF, vipindi vinajumuishwa. Ila angalia umri: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida yanataka usizidi 45. NGO unaweza kwenda sasa ukarudi baadaye, lakini dirisha la serikalini linafungwa.

MamaWawili: Mimi mradi wetu ulifungwa mwaka 2025 fedha za Marekani ziliposimama. Notisi fupi, ofisi nzima nyumbani. Mshahara ulikuwa mzuri kweli na NSSF ilikuwa inaingia kila mwezi, sina la kulalamika hapo. Ila tangu hapo natafuta kazi.

Mzee_wa_Pamba: Hiyo AMCOS ukitaka nikuunganishie pembejeo za bei nafuu niambie.

BiAfisaUtumishi: Mzee wangu, kijana anauliza ajira, si pembejeo.

Mzee_wa_Pamba: Aa, samahani. Basi sikiliza, mwanangu. Mshahara wa meneja unatoka kwenye ushuru wa kila kilo. Msimu ukiharibika, bodi hulipa wakulima kwanza, na michango ya mfuko ndiyo inayosubiri. Omba ripoti ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, tazama madeni. Ukikuta "michango ya hifadhi ya jamii isiyolipwa", uliza ni ya miaka gani. Vipo vyama vinavyolipa vizuri, usihukumu vyote.

Mhasibu38: Asanteni sana. Ripoti niliomba leo, mwenyekiti amesema iko kwa katibu. Halmashauri wanataka niripoti ndani ya siku 14. Kinachonitesa ni mshahara wa kuanzia, maana nina watoto watatu shuleni.

MamaWawili: Kabla hujaamua, kachukue taarifa yako ya michango NSSF. Hakikisha hiyo 126 ni iliyopokelewa, si iliyokatwa tu kwenye salari slipu.